Ukisikia "bei kubwa" kwenye rekodi, usiandike bado

Ukipewa rekodi za wateja waliohojiwa sokoni ili umwandikie mfanyabiashara muhtasari, karibu kila sauti itakutajia bei. Wengi wanaoanza kazi hii huandika "wateja wanalalamikia bei" kisha wanaendelea na mengine. Mwenye biashara akisoma hapo hapati kitu, maana hilo alilijua kabla hajakutuma. Anachotaka kujua ni kipi hasa kwenye bei kinachowaudhi watu, na kama kuna lolote analoweza kulifanya.

Nitatumia mfano wa mchele kwenye masoko ya Dar es Salaam kama Tandale na Ilala, kwa kuwa ndio ninaoufahamu zaidi. Muuza mchele hana uwezo juu ya bei ya shambani Mbeya au Kahama. Lakini "bei kubwa" ya mteja mara nyingi haihusu shambani. Kuna anayelinganisha na meza ya jirani, na huyo lazima usikilize vizuri kama anazungumzia mchele wa daraja lilelile. Kuna anayelinganisha na wiki iliyopita: kiasi chenyewe angekimudu, kinachomuumiza ni kupanda ghafla. Mwingine analinganisha na alichopata, yaani "kwa bei hii bado nachambua mawe?" Na wapo wanaoamini kilo haijai, kwamba mizani inawapunja. Haya ni malalamiko manne tofauti na kila moja lina dawa yake. La kwanza ni suala la daraja na ushindani, la pili la taarifa, la tatu la kupepeta na kuchambua, la nne la kuweka mizani mahali mteja anapoiona, ikiwa na stika ya ukaguzi ya Wakala wa Vipimo. Ukiyaweka yote kwenye mstari mmoja umemnyima mwenye biashara dawa zote nne.

Chukua mahojiano ya namna hii, ya mama ntilie aliyesimamishwa akiwa na mfuko wake:

"Mchele wake mimi naupenda, unajaa sufuria, wateja wangu hawasemi kitu. Ila bei jamani! Juzi mbili na mia mbili, leo mbili na mia sita, na mimi sahani siwezi kupandisha kila siku. Halafu huu wa leo chenga zimezidi. Angekuwa anatuambia mapema kwamba unapanda, mimi ningejikaza nichukue hata gunia."

Anayeharakisha ataandika: anapenda mchele, bei ni kubwa, una chenga. Sasa rudia kusikiliza. Kwenye upendeleo, andika kwamba anataka mchele unaojaa, na sababu yake: anapika wa kuuza, kwa hiyo kilo moja ikitoa sahani nyingi ndiyo faida yake. Mchele uliokaa hujaa kuliko mpya, na mpya ukizidishiwa maji kidogo tu unakuwa bokoboko. Muuzaji akiona mstari huo anajua mara moja ni gunia lipi la kumwekea huyu. Kwenye bei, hasemi kwamba 2,600 haiwezekani. Anasema imepanda shilingi 400 kwa kilo bila taarifa, wakati bei ya sahani yake haisogei. Chenga ziandike peke yake kama hali ya bidhaa, kwa sababu yeye hakuzifunga na bei. Angesema "bei hiyo na chenga hizi," ungezihesabu kwenye malalamiko ya bei. Na mwisho ametoa pendekezo lenye thamani kuliko yote, ingawa hakuulizwa: apewe taarifa mapema, naye yuko tayari kununua kwa gunia. Huyo ni mteja wa rejareja anayeomba kuwa mteja wa jumla, na taarifa yenyewe inaweza kuwa ujumbe mmoja wa simu.

Mapendekezo mengi hujificha hivyo. Ukimuuliza mtu "una ushauri gani?" atakujibu "waboreshe huduma tu," na hilo halimsaidii mtu. Ushauri wa kweli huponyoka katikati ya maneno mengine, mtu anapoanza na "angekuwa", "afadhali" au "mbona fulani yeye hu..." Ukifika hapo simamisha sauti, andika maneno yake kama yalivyo, na weka namba ya rekodi na dakika pembeni ili uweze kurudi.

Kuwa mwangalifu pia na majina. Mteja akisema anataka "wa Kyela", andika Kyela, kisha tafuta alichoeleza. Kama anasema unanukia na anaupikia pilau, anachokifuata ni harufu. Kama anasema hauna mawe wala chuya, anafuata usafi, na mchele wa kwingine uliochambuliwa vizuri ungemtosha. Asipoeleza, acha jina peke yake, usimjazie sababu.

Vilevile msikilize aliyehoji. Akiuliza "bei imepanda sana, eti?" na mteja akajibu "ndiyo", hilo ni neno la muulizaji. Mimi huliwekea alama na silihesabu, isipokuwa mteja ameendelea mwenyewe na kutaja kiasi au siku. Nao upole wetu una gharama zake: mtu akihojiwa hatua chache kutoka mezani, muuzaji akimwangalia, atasema "mzuri tu, hamna shida." Andika mahali mahojiano yalipofanyika, na majibu ya hapo mezani usiyachanganye na ya wale waliohojiwa kituo cha daladala. Palipozibwa na honi za bodaboda au spika ya matangazo, andika "haisikiki". Usikisie, hasa tarakimu, kwa sababu mia mbili na mia tatu zikizibwa na kelele zinafanana.

Ukifika kwenye kuhesabu, hesabu watu. Mmoja anaweza kutaja chenga mara tano, na bado ni mmoja. Kama rekodi ni 18, andika "4 kati ya 18" na uachane na asilimia, zinaifanya sampuli ndogo ionekane kubwa. Tenganisha mama ntilie, wanaonunua kwa matumizi ya nyumbani, na waliotumwa, kwa sababu aliyetumwa hupeleka pesa aliyopewa na mara nyingi hajui mchele ukipikwa unakuwaje. Taja siku pia: mwisho wa mwezi watu huulizia harufu, katikati ya mwezi huulizia kama kuna wa bei ya chini. Na waeleze wasomaji wako jambo hili wazi: waliokwisha kuhama meza hiyo hawamo kwenye rekodi.

Karatasi ya mwisho isizidi ukurasa mmoja, kwa sababu mwenye biashara ataisoma amesimama, kati ya mteja na mteja. Mstari wa malalamiko uwe hivi: "Mama ntilie 4 kati ya 6: bei inapanda bila taarifa. Wawili wangenunua gunia wakiambiwa mapema." Kuhusu mizani andika "3 wanahisi kilo haijai", usiandike "unapunja", kwa sababu hukupima.

Akiisoma, huenda akaomba asikie sauti zenyewe. Usimpe. Wateja wake wa kila siku anawajua kwa sauti, na aliyelalamikia mizani kesho atarudi kununua hapohapo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu taarifa za aina hii, kwa hiyo ruhusa iombwe kabla ya kurekodi, na mteja aambiwe sauti yake itafika kwa nani. Ukitaka kumwonyesha neno la mteja, liandike, na uondoe jina, mtaa na kiasi anachonunua kwa siku, maana hata kilo zake tu zinatosha kumtambulisha.