Nguzo, kebo na bawaba: usiikisie kani ya bawaba

Nilipoanza kusoma mekanika, nilikuwa nachora kani ya bawaba ikifuata nguzo yenyewe, kama vile bawaba inaisukuma nguzo kutoka ukutani na basi. Jibu langu la mvutano wa kebo likawa mara mbili ya jibu sahihi, na kwenye karatasi lilionekana safi kabisa.

Swali lilikuwa hivi. Nguzo ya mita 4, uzito umesambaa sawa kote, masi kilogramu 20, imelala mlalo. Mwisho mmoja umeshikwa na bawaba ukutani, mwingine na kebo inayopanda hadi ukutani kwa pembe ya 30° na nguzo. Tukichukua g = 10 m/s², uzito ni niutoni 200. Tafuta mvutano wa kebo na kani ya bawaba.

Chora nguzo peke yake. Ukuta uondoe, kebo ikate, na kila ulichoondoa weka kani mahali pake. Uzito unashuka kutoka katikati, mita 2 toka kwenye bawaba. Mvutano T unafuata kebo, ukitoka kwenye nguzo. Kwenye bawaba weka kani mbili, H ya mlalo na V ya wima, kwa sababu hujui bado inaelekea wapi. Mimi nilikuwa naisahau V.

Sasa tafuta momenti kuhusu bawaba. Hapo H na V hazina momenti, maana zinapita kwenye bawaba yenyewe, kwa hiyo kinachobaki usichokijua ni T tu:

T sin 30° × 4 = 200 × 2

T ni niutoni 200. Kani za mlalo zinakupa H = 200 cos 30°, karibu niutoni 173. Za wima: V = 200 − 100 = niutoni 100, kwenda juu. Ziunganishe, kani ya bawaba ni niutoni 200, ikipanda 30° juu ya nguzo. Haifuati nguzo hata kidogo. Ingeifuata kama nguzo ingekuwa haina uzito na mzigo wote unaning'inia pale kebo ilipofungwa.

Mimi niliyeiacha V nilipata T = 400, maana sehemu yake ya wima ililazimika kubeba uzito wote. Ningepima momenti ningejikamata: kebo ingezungusha kwa 800 N m, uzito kwa 400 tu, na nguzo ingeinuka.

Ndiyo maana siku hizi nikimaliza nachukua momenti kuhusu ule mwisho wenye kebo: V × 4 = 200 × 2, V ni 100 tena, bila kuigusa T.

Na V ikitoka hasi usifute. Ifunge kebo mita 1 tu toka kwenye bawaba, pembe ileile: T inapanda hadi niutoni 800, sehemu yake ya wima ni 400, na V ni −200. Bawaba sasa inaivuta nguzo chini.