Picha ya pakiti ya kahawa: ruhusa ya kuitumia na haki ya kuimiliki

«Kijana wa Mwanjelwa amenitengenezea kwa akili mnemba picha ya pakiti yangu ya kahawa ya Mbozi. Je, ni yangu, na naweza kuitumia kutangaza biashara yangu?»

Ndugu, masharti ya programu iliyotengeneza picha humfunga kwanza mwenye akaunti, yaani huyo kijana. Kwa hiyo muulize alitumia mpango gani wa programu hiyo siku ile, wa bure au wa kulipia, kwa sababu baadhi ya mipango ya bure huruhusu matumizi binafsi tu. Kisha akuandikie kwamba anakuhamishia haki zake zote, nawe uhifadhi nakala ya masharti yenye tarehe.

Hata masharti hayo yakisema picha ni mali ya mtumiaji, maana yake ni kwamba kampuni haiidai. Hayamzuii jirani kuinakili, maana hakimiliki hutegemea ubunifu wa binadamu. Kinachokulinda zaidi ni nembo yako, ukiisajili BRELA.