Akaunti ya matangazo imefungiwa, na kadi nayo inakataliwa: uanzie wapi?

Ukianza kazi ya kuwaendeshea watu matangazo mtandaoni, siku moja mteja atakupigia simu saa nne usiku akiwa na matatizo mawili kwa mpigo. Akaunti yake imewekewa kizuizi kwa kukiuka sera, na kila kadi anayoweka inakataliwa. Mimi yalinikuta mwaka wangu wa pili, kwa dada mmoja wa Mwanza anayeuza chai ya majani. Nilivurunda kwanza ndipo nikaelewa, kwa hiyo nitakueleza yote mawili.

Maneno yake ya kwanza yalikuwa haya: "Kaka, kadi ina laki tatu. Inakataliwaje?"

Nami nikafanya kile ambacho kila mgeni hufanya. Nikamwambia aweke kadi nyingine. Ikakataa. Akaweka ya kaka yake, ikakubaliwa kuingizwa lakini malipo hayakupita. Kabla hatujalala tulikuwa tumeshajaribu kadi tatu zenye majina mawili tofauti, na asubuhi tukakuta onyo la pili: shughuli za malipo zisizo za kawaida. Hebu jiweke upande wa mtandao unaouza matangazo. Mwizi wa kadi hufanya nini? Hujaribu kadi hii na ile, usiku, za majina yasiyofanana, hadi moja ikubali. Sisi tulikuwa tumemwigiza mwizi bila kujua. Kwa hiyo kadi ikikataa mara mbili, acha. Usiguse kitu hadi ujue nani amekataa.

Swali lenyewe ndilo hilo, nani amekataa, na jibu liko benki. Mteja apige simu kitengo cha kadi (dirishani mara nyingi hawaoni undani wa muamala) aulize hivi: "Jana saa tatu usiku kuna ombi la malipo lililokuja kwenye kadi yangu. Mmeliona?" Wakisema hawajaona chochote, basi ombi halikufika kwao. Aliyezuia ni mtandao wenyewe, na hapo kubadilisha kadi hakusaidii, kwa sababu kizuizi kiko kwenye akaunti. Wakisema wameliona, waulize limekataliwa kwa namba gani. Benki hutumia namba zinazofanana karibu dunia nzima. 51 ni salio halitoshi. 57 ni kwamba kadi hiyo haijaruhusiwa muamala wa aina hiyo, na kwetu mara nyingi maana yake ni kwamba malipo ya mtandaoni hayajawashwa. 61 ni kiasi kimezidi kikomo. Ile 05 ndiyo inayoudhi, maana inasema tu "hapana" bila sababu, na hapo lazima umbembeleze mhudumu aangalie zaidi.

Yule dada aliambiwa 61. Kadi yake ilikuwa na kikomo cha shilingi 50,000 kwa siku kwa manunuzi ya mtandaoni, hata kama ndani kuna laki tatu. Hapo ndipo nilipoelewa fumbo lililokuwa likinisumbua: mbona kadi hiyohiyo ilifanya kazi wiki mbili nzima?

Akaunti nyingi za matangazo hazikukati pesa kila siku. Zinakukopesha kidogo, matangazo yanaendelea, na deni likifika kiwango fulani ndipo kadi inakatwa. Kiwango hicho huanza chini na kupanda kadiri unavyolipa vizuri. Akaunti yake ilikuwa ya dola. Ilikatwa dola 5, ikapita. Ikakatwa 10, kisha 15, zikapita. Kiwango kikapanda hadi dola 25, ambazo wakati ule zilikuwa zaidi ya shilingi elfu sitini, na hapo kikomo cha kadi kikagonga. Yaani kadi haikuharibika. Ni deni lililokua hadi likapita mlango wa benki. Kadi ya kaka yake nayo ilikubaliwa kuingizwa kwa sababu wakati wa kuiweka mtandao hujaribu kiasi kidogo sana, au hauombi pesa kabisa. Kadi kuingia hakuthibitishi kwamba deni litalipika, na wengi wetu tunadanganyika hapo.

Benki walipandisha kikomo hadi 200,000 kwa siku baada ya yeye kuthibitisha ni yeye. Tukaondoa kadi ya kaka, tukabakiza moja yenye jina la mwenye biashara, tukasubiri siku moja, tukabonyeza kulipa deni. Likalipika.

Na akaunti? Ikabaki imefungiwa vilevile. Hili wageni huwachanganya sana. Deni na sera ni kesi mbili zinazoonekana kwenye skrini moja. Kulipa deni hakuondoi kosa la sera, na kuondolewa kosa hakufuti deni. Ila mimi huanza na deni, kwa sababu hata ukishinda upande wa sera, akaunti yenye deni haitarusha tangazo.

Upande wa sera, soma kwanza kilichofungiwa ni nini: tangazo moja, akaunti nzima ya matangazo, ukurasa wa biashara, au wewe binafsi kama mtumiaji. Kwake ilikuwa akaunti. Tangazo lake lilisema: "Umechoka na kitambi chako? Pungua kilo 7 kwa siku 10," na chini picha mbili za tumbo, kabla na baada. Makosa matatu kwenye sentensi mbili na picha. Linamwambia msomaji kwamba ana kitambi, kana kwamba tunaujua mwili wake. Linaahidi matokeo ambayo hakuna anayeweza kuyathibitisha. Na picha za kabla na baada kwa bidhaa za kupunguza uzito mitandao mikubwa haizitaki. Lilikataliwa, yeye akalirusha tena kwa rangi nyingine, likakataliwa, akalirusha tena. Ni kule kurudia kulikomponza. Kufuta tangazo lililokataliwa pia hakufuti rekodi yake.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha Request review, yaani kuomba kesi ipitiwe upya, safisha hadi ukurasa unaofunguka mtu akibonyeza kiungo cha tangazo. Sisi tulikuwa tumeshaandika tangazo jipya, nikashukuru kwamba nilibonyeza kiungo chenyewe kwanza: ukurasa wa kuagizia ulikuwa bado na zile picha za matumbo. Anayekagua huangalia na huko. Tukaziondoa, tukaandika bidhaa ilivyo: "Chai ya mchaichai na tangawizi, pakiti 20, tunaleta hadi ulipo Mwanza mjini."

Ombi la mapitio liwe fupi. Tuliandika kwamba matangazo matatu yalikuwa na ahadi za kupunguza uzito na picha za kulinganisha, kwamba yameondolewa pamoja na picha za kwenye ukurasa wa kuagizia, na kwamba kadi iliyobaki ni ya mwenye biashara. Hatukulalamika wala kueleza tulivyopata hasara. Kisha tukatuma mara moja tu.

Yule dada alitaka tufungue akaunti mpya wakati tukisubiri. "Kaka, tufungue nyingine tu, wateja wananikimbia." Nilikataa. Akaunti mpya ingetumia kadi ileile, ukurasa uleule na simu ileile, na mtandao ungeiona kama njia ya kukwepa kizuizi. Hapo kizuizi kinaweza kuhama kutoka kwenye akaunti kwenda kwa mtu mwenyewe, na kumrudisha mtu ni kazi kubwa kuliko kurudisha akaunti.

Jibu lilikuja siku ya nne, kizuizi kimeondolewa. Tulianza na tangazo moja, dola 3 kwa siku, na nikaandika kwenye daftari langu kikomo cha kadi kando ya kiwango cha deni cha akaunti. Siku hizi ndiyo namba mbili ninazomuuliza mteja mpya kabla hata hajanitajia anauza nini.