Maswali na Majibu: Soko Linasafiri, Linazunguka au Limelala?

Nimeweka ADX kwenye chati ya euro na dola. Ikivuka 25 nanunua, na mara nyingi soko linanigeuka. Nakosea wapi?

Makosa ni mawili. ADX, aliyoitoa Welles Wilder mwaka 1978, hupima nguvu ya mwendo, haisemi mwendo unaelekea wapi. Euro ikiporomoka kwa kasi, ADX hupanda vilevile. La pili, imelainishwa mara mbili kwa wastani wa vipindi 14, kwa hiyo huchelewa. Inapofika 25, sehemu nzuri ya safari huenda imekwisha.

Kabla ya kuitumia, jaribu hesabu ya Perry Kaufman, ambayo kalamu na karatasi zinaitosha. Chukua bei 11 za kufunga zinazofuatana, ili upate hatua za siku 10. Tafuta soko limesogea kiasi gani kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha ugawe kwa jumla ya hatua zote lilizopiga, za mbele na za nyuma.

Tuseme hatua za siku 10, kwa pipsi, yaani vipande vidogo vya bei, ni +40, −15, +50, +30, −20, +45, +10, −25, +60 na +25. Soko limesogea 200, lakini limetembea 320. Uwiano ni 0.63: hilo linasafiri, na linafaa mkakati wa kusubiri bei irudi nyuma kidogo, kisha kuingia kuelekea linakokwenda. Sasa tazama hizi: +40, −35, +30, −45, +25, −30, +50, −40, +35, −20. Limetembea 350 na kusogea 10 tu. Uwiano ni 0.03. Huyu ni mlinzi anayezunguka uani usiku kucha: anachoka, lakini yuko palepale. Hapo ndipo pa kununua kwenye sakafu ya renji, yaani eneo ambalo bei inazunguka ndani yake, na kuuza kwenye dari yake.

Mimi huita trendi kuanzia 0.4, na renji chini ya 0.25. Namba hizo nimejiwekea mwenyewe kwa chati za siku. Zipime kwenye soko lako kabla ya kuziamini.

Soko likilala si ndiyo renji hiyo hiyo, ila ndogo?

Hapana, na kulichanganya na renji kumewagharimu watu pesa nyingi. Renji ina hatua kubwa zinazofutana. Soko lililolala halina hatua zenyewe. Uwiano wa hapo juu hauwezi kuzitenganisha, kwa hiyo ongeza ATR: wastani wa upana wa siku 14, ulinganishe na wastani wa siku 100 wa soko hilohilo. Ukishuka chini ya theluthi mbili, mimi nalihesabu limelala.

Kumbuka euro na faranga ya Uswisi. Septemba 2011 Benki Kuu ya Uswisi ilitangaza kwamba haitaruhusu euro ishuke chini ya faranga 1.20. Mwishoni mwa 2014 bei ilikuwa imetulia juu kidogo tu ya mstari huo. Wengi waliona sakafu imara wakanunua karibu na 1.20, stop losi, yaani amri ya kufunga biashara hasara ikifika kiwango fulani, ikiwa chini kidogo. Tarehe 15 Januari 2015 benki iliondoa kikomo ghafla, na kwa dakika chache euro ikaanguka chini ya faranga moja. Stop losi nyingi zilitekelezwa mbali sana na bei zilizoandikwa, kwa sababu katikati hapakuwa na wanunuzi.

Angalia pia ukubwa wa loti, yaani kiasi unachonunua au kuuza. Ukiikokotoa kwa ATR, loti hukua soko linapolala, yaani unabeba mzigo mkubwa zaidi kabla tu ya mtikisiko. Weka kikomo ambacho loti haivuki hata ATR ikiwa ndogo vipi. Binafsi, soko la hivyo naliacha mpaka lifunge siku nje ya mipaka yake.

Chati ya saa inaonyesha renji, ya siku inaonyesha trendi. Nifuate ipi?

Ile utakayokaa nayo. Biashara ya siku kadhaa ipime kwa chati ya siku. Ya saa mbili tatu ipime kwa chati ya saa, ila usiuze dari ya renji ndogo wakati trendi kubwa inapanda. Na utulivu wa alfajiri usikudanganye: euro kwa kawaida huamka London inapofungua, saa 4 au saa 5 asubuhi kwa saa zetu, kutegemea majira yao.

Wiki moja nimebadili mkakati mara tatu, zote hasara. Nifanyeje?

Inaelekea unapima kila saa kwa mstari mmoja, na soko linacheza juu yake. Ndiyo maana nimeacha nafasi kati ya 0.25 na 0.4. Aliyekuwa kwenye trendi abaki nayo hadi uwiano ushuke chini ya 0.25, na aliyekuwa kwenye renji abaki hadi uvuke 0.4. Pima mara moja tu, baada ya siku kufungwa New York, saa 6 au saa 7 usiku kwetu. Kipimo kikiwa katikati na huna biashara iliyo wazi, usifungue mpya usiku huo.