Mlango wa kabati umelala upande

"Wakuu, mlango wa kabati la jikoni umeshuka upande wa kishikio, unagonga mlango wa pembeni yake. Bawaba ni zile za ndani zenye skrubu ndogo ndogo. Nipo Mikindani."

Pole dada, usiite fundi kwanza. Chukua bisibisi ya nyota inayokaa vizuri kwenye kichwa cha skrubu, fungua mlango uangalie mkono wa bawaba, utaona skrubu mbili, ile iliyo karibu na mlango ndo inasogeza kushoto na kulia, ya nyuma usiiguse sasa maana kwa nyingi hiyo ndo imeshika mkono wenyewe. Kwenye bawaba ya juu zungusha hiyo skrubu ya karibu na mlango mpaka mlango uvutike upande wa bawaba, ya chini kinyume chake, nusu mzunguko tu, funga, tazama uwazi kati ya milango, rudia mpaka ulingane juu mpaka chini.

Ila kagua kwanza kama bawaba inacheza ukiutikisa mlango. Huku pwani chipubodi inavimba kwa unyevu, tundu zinalegea skrubu inazunguka bure, hapo kurekebisha hakusaidii, mwite seremala aizibe tundu kwa kijiti na gundi ya mbao ndo afunge upya.