Babu aliyekufa kabla ya kufikiwa na wito

Swali: Asalaam alaykum, shekhe. Babu mzaa babu yangu alifia kijijini bara kabla Uislamu haujatufikia. Wazee husimulia kuwa alikuwa msema kweli, na kuna siku alijitosa mtoni akamwokoa mtoto wa watu. Ustadhi mmoja kaniambia babu ataulizwa, maana alikuwa na akili. Mwingine kasema hana la kuulizwa. Nimsikilize nani?

Jibu: Waalaykum salaam warahmatullah. Maustadhi wako wameurudia ugomvi wa Basra na Baghdad wa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Wa kwanza kasema maneno ya Muutazila, wa pili ya Ashaari, makundi mawili ya wanazuoni wa itikadi. Imamu Abul-Hasan Al-Ashaari mwenyewe, aliyefariki mwaka 324 Hijria, alisomea kwa Muutazila hadi utu uzima ndipo akawaacha, kwa hiyo alikuwa akibishana na watu aliowajua ndani nje.

Muutazila walisema uzuri na ubaya umo ndani ya kitendo chenyewe, na akili huuona kabla ya Mtume kuja. Kadhi Abduljabbar wao, aliyekuwa kadhi wa mji wa Rayy huko Uajemi, alileta mfano huu: mpe mtu haja moja anayoweza kuipata kwa kusema kweli au kwa kusema uongo, faida iwe sawasawa kabisa. Atachagua kweli, hata kama hajapata kusikia sheria yoyote. Basi ameujuaje ubaya wa uongo, kama si kwa akili? Na anayejua ubaya kwa akili, wakasema, huhukumiwa kwa akili hiyo.

Mfano huo una nguvu, na Ashaari hawakuupuuza. Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, alijibu kuwa moyo umezoea kuuona uongo umeandamana na madhara, kwa hiyo huukimbia hata pale ambapo madhara hayapo. Akatoa mfano wa mtu aliyeumwa na nyoka anayeogopa kamba yenye madoa. Sisi wenyewe tunasema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Na anayemwokoa mtu anayezama, kwa Ghazali, hujiona yeye ndiye aliyemo majini, huruma ya binadamu kwa binadamu ikamsukuma.

Lakini usidhani Ashaari walisema akili haijui lolote. Hapa ndipo wengi wanapowasingizia. Maimamu wao walisema neno "zuri" lina maana tatu. Kuna zuri la ukamilifu, kama vile elimu kuwa bora kuliko ujinga. Kuna zuri linalowafikiana na haja za watu, kama kuokolewa kwa mtoto yule mtoni. Yote mawili akili huyajua, hawakugombana. Ugomvi uko kwenye la tatu tu: kwamba mtendaji anastahiki thawabu au adhabu kwa Mwenyezi Mungu. Hilo, wakasema, hulijui mpaka Mwenyewe akwambie. Wakashika aya ya 15 ya Suratul Israa, kuwa Mwenyezi Mungu haadhibu mpaka apeleke Mtume. Muutazila wakaipa aya tafsiri nyingine: wapo waliosema adhabu hiyo ni ya duniani, na wapo waliosema akili nayo ni mtume. Mimi naona tafsiri hiyo ya pili inaivuta aya kwa nguvu.

Muutazila wakabakisha pingamizi moja zito. Ikiwa wajibu huja na Mtume tu, mtu anaweza kumwambia Mtume: "Sitautazama muujiza wako mpaka iwe wajibu kwangu, na haiwi wajibu mpaka nijue u mkweli, na sitajua mpaka nitazame." Mtume amenyamazishwa. Ghazali akajibu kwa kisa: mtu anaambiwa, "Nyuma yako kuna simba, geuka utaona." Naye anajibu, "Sigeuki mpaka ukweli wako uthibiti, na hautathibiti mpaka nigeuke." Akiliwa, aliyemwonya hana lawama. Kazi ya akili kwa Ashaari ni huko kugeuka. Bila akili humtambui Mtume, lakini si akili iliyomweka simba pale.

Sasa babu yako. Ghazali aliwagawa wasio Waislamu wa mbali, akiwataja Warumi na Waturuki wa zama zake. Ambaye jina la Mtume halikumfikia kabisa ana udhuru. Aliyelisikia kwa sifa za kupotoshwa tu, tangu utotoni akiambiwa ni mwongo, naye ana udhuru vilevile. Asiye na udhuru ni yule aliyefikiwa na habari sahihi na dalili zake, akapuuza. Maulamaa wengi wa Kimaturidi, kundi jingine la itikadi la Kisunni, wangekuuliza jambo moja zaidi, kama babu alimtambua Muumba, kwani hilo wao waliona akili inalifikia peke yake. Sisi wa pwani tuliosomeshwa sifa ishirini za Mwenyezi Mungu tunakwenda na Ashaari: kwa maelezo yako, babu yumo katika kundi la kwanza. Kwa kumwokoa mtoto yule wa mtoni, babu usimhesabie thawabu wala usimfutie, hilo ni la Mola wake.