Maswali na majibu: daftari la bodaboda, kilomita na tarehe

Habari kaka. Nilianza na bodaboda moja, nikawa nakumbuka kila kitu kichwani. Sasa ziko tatu na zinanichanganya. Niandike nini hasa kwenye daftari?

Dada, kila pikipiki ipe kurasa zake. Kila mstari uwe na mambo manne tu: tarehe, kilomita zilizosomeka kwenye mita, kilichofanyika, na pesa iliyotoka. Nimeona watu wakichora safu kumi na mbili kwa rula, na baada ya wiki mbili daftari liko juu ya kabati linakula vumbi.

Kilomita zichukue kila siku, usisubiri siku ya gereji. Madereva wangu hapa Morogoro wananitumia picha ya mita jioni, wakati uleule wanaotuma hesabu. Picha haina ubishi, na dereva haoni kama unamhoji.

Kisha kila kazi iwekee mipaka miwili, wa kilomita na wa siku. Kwa oili mimi natumia kilomita 2,000 au siku 14. Kitabu cha pikipiki kinaweza kukuruhusu kwenda mbali zaidi, lakini bodaboda inakaa kwenye foleni injini ikiwa inaunguruma bila mita kusogea, inapanda mlima na mshikaki kwenye gia ya kwanza, na inakula vumbi mchana kutwa. Oili inachoka kabla ya namba kuonyesha.

Mipaka hii sijaichukua hewani. Pikipiki inayopiga Msamvu na Kihonda inatembea kama kilomita 150 kwa siku, kwa hiyo kilomita 2,000 hufika siku ya 13 au ya 14. Kwa kawaida mipaka miwili inakutana, na siku inapoacha kukutana ndipo daftari linapoanza kukulipa. Kilomita 2,000 zikifika siku ya 9, kuna safari ndefu ambazo hujaambiwa. Siku 14 zikifika na kilomita ni 900, ama pikipiki ilikaa, ama mita haisemi kweli.

Bosi, mita ya Boksa yangu imesimama kwenye 41,206 siku ya tisa leo. Dereva anasema kebo imekatika na kazi inaendelea kama kawaida. Oili ilimwagwa kwenye 40,310. Kwa hesabu hiyo bado nina zaidi ya kilomita elfu moja, au nakosea?

Unakosea, na muda umekwisha kupita. Kebo ya mita inazungushwa na gurudumu la mbele, na hukatika yenyewe pale inapojikunja, hivyo usianze kwa kumshuku dereva. Anza na daftari. Chukua siku nne kamili za mwisho kabla mita haijasimama. Katika picha ulizonitumia zilikuwa kilomita 148, 155, 139 na 162. Jumla ni 604, wastani ni 151 kwa siku. Siku tisa za kazi zinakupa kilomita 1,359 ambazo mita haikuziona.

Mita inakuambia oili imetembea kilomita 896. Ongeza 1,359 na utapata 2,255. Mwaga oili leo, usingoje kebo.

Ukishafunga kebo mpya, mita itaendelea kutoka 41,206, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Juu ya ukurasa wa pikipiki hiyo andika kwa kalamu nyekundu: «ongeza 1,359». Kuanzia siku hiyo kila namba ya mita iongezee hiyo kabla ya kuiandika, na iwe hivyo mpaka siku utakayouza pikipiki. Ukifunga mita nzima mpya iliyoanzia sifuri, nyongeza yako inakuwa 42,565. Usipofanya hivyo, kazi zote za mbele, cheni, breki na valvu, zitachelewa kwa kilomita zilezile, na hutajua kwa nini vitu vinaisha «kabla ya wakati».

Naweka kumbukumbu kwenye jedwali la simu. Kuna namna ya simu yenyewe kunikumbusha oili?

Ipo. Safu ya A weka jina la pikipiki, B kilomita za leo, C kilomita za siku oili ilipomwagwa, D tarehe ya siku hiyo. Kwenye E2 andika hivi, kisha ivute chini kwa pikipiki nyingine:

```
=IF(B2-C2>=2000,"MWAGA",IF(TODAY()-D2>=14,"ULIZA","BADO"))
```

Nimeweka ULIZA makusudi. Siku zikifika bila kilomita, huna haja ya kumwaga oili ambayo bado nzima. Mpigie dereva kwanza. Simu ikikataa koma, weka nukta-mkato mahali pa koma.

Pikipiki zangu zote zinapumzika Jumapili kwa sababu siku hiyo sichukui hesabu. Mbona bado zinakufa mapema?

Linganisha picha ya mita ya Jumamosi usiku na ya Jumatatu asubuhi. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilikuta kilomita 170. Jumapili ni siku ya dereva. Anafanya kazi kwa ajili yake, ni haki yake mliyopatana, na wengi wao ada ya shule ya mtoto inatoka hapo. Lakini pikipiki haijui pesa inaingia mfuko wa nani. Kwenye daftari siku hizi mbili zitenganishe: siku ya dereva, na siku ya kulala.

Mimi kila pikipiki inalala siku moja kila baada ya siku 14, siku ileile ya oili, na ninaisamehe hesabu ya siku hiyo. Zipangie siku tofauti, ya kwanza Jumanne, ya pili Jumatano, ya tatu Alhamisi, ili fundi asibabaike na wewe usikose hesabu zote kwa mpigo. Dereva naye apate kulala. Mtu aliyekaa juu ya tanki siku 13 mfululizo, mgongo unamuuma na macho yamechoka, huyo ndiye anayeingia mtaroni.

Kuna sababu nyingine ya kutaka siku nzima. Oili inamwagwa injini ikiwa na joto, maana hapo ni nyepesi na inatoka na uchafu wake. Valvu zinapimwa injini ikiwa baridi kabisa, imelala saa kadhaa. Huwezi kufanya vyote viwili kwa saa moja chini ya mwembe huku dereva amesimama na helmeti mkononi. Pikipiki ikija jioni, mwaga oili papo hapo. Iache ilale. Asubuhi fundi afungue kifuniko cha valvu na kupima nafasi ya valvu kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako.

Sisemi valvu zipimwe kila siku 14. Kila mara ya tatu inatosha, yaani kama kila kilomita 6,000. Ila usisubiri kelele. Valvu iliyolegea inagonga kama cherehani na kila mtu anaisikia. Iliyobana iko kimya, injini inasikika nzuri kabisa, lakini valvu haifungi sawasawa, moto unapita na kuila. Dalili yake moja ni pikipiki inayowaka vizuri asubuhi, halafu mchana ikishapata moto inakataa kuwaka mpaka ipoe.

Fundi anasema oili ya gari ni ileile, tena bei nafuu. Ni kweli?

Si kweli. Kwenye pikipiki hizi klachi inaogelea ndani ya oili ya injini. Oili nyingi za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Ikiteleza, injini inapiga kelele na pikipiki haiendi, hasa mlimani. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2, na unene ule kitabu kinaousema. Kwa pikipiki nyingi za kazi hapa kwetu ni 20W-50.

Ukiwa hapo, chupa tupu usiitupe. Oili chafu iliyotoka imimine ndani yake uone imefika wapi. Pikipiki yangu moja iliingia lita moja, ikatoka kidogo kupita nusu chupa, na nje hakuna tone lililovuja. Namba hiyo niliiandika. Mara iliyofuata ikatoka pungufu zaidi, na moshi wa bluu ukaanza kuonekana asubuhi. Tukabadili ringi kabla injini haijajifunga barabarani na abiria juu.

Beringi za gurudumu la nyuma nimebadilisha mara tatu mwaka huu kwenye TVS moja. Fundi analaumu spea feki. Nyingine mbili, spea za duka lilelile, hazina shida.

Umeshajijibu nusu, kwa sababu umeandika. Spea ingekuwa feki, zote tatu zingelia. Tuangalie kilomita ulizonitumia: 38,400, kisha 41,100, kisha 43,000. Ya pili ilidumu 2,700, ya tatu 1,900. Kitu kilichoharibu ya kwanza bado kimo ndani ya gurudumu, na kinazidi.

Mwambie fundi atoe gurudumu mbele yako. Katikati ya beringi mbili, ndani ya habu, kunatakiwa kuwe na bomba fupi la chuma. Kazi yake ni kuzuia beringi zisibanwe kuelekeana unapokaza nati ya ekseli. Bomba hilo likisahaulika mezani, au likiwa limelika likawa fupi, kila ukikaza nati unazibana beringi kwa ubavu, na zinakufa kwa moto. Jaribio lake ni rahisi. Nyanyua gurudumu la nyuma, toa cheni ili isikuzuie, legeza nati na uzungushe kwa mkono. Kisha kaza na uzungushe tena. Likiwa jepesi nati imelegea na zito nati imekazwa, bomba ndilo tatizo.

Bomba likiwepo na likiwa zima, mtazame fundi anavyoingiza beringi. Akigonga ringi ya ndani kwa patasi, kila pigo linapita kwenye gololi na kuzitia vidonda, na beringi inatoka gereji ikiwa tayari mgonjwa. Agonge ringi ya nje, taratibu na kwa kuzunguka, kwa kutumia kipande cha bomba au soketi yenye upana uleule. Na kama beringi inaingia kwenye habu kwa kusukuma na kidole, habu imelika, hakuna beringi itakayokaa humo. Hapo unanunua habu.

Ukishapata jibu, andika tarehe, kilomita, na kilichokutwa ndani. «Beringi nyuma» peke yake haitoshi. «Bomba la kati halikuwepo, limewekwa» ndiyo itakayomsaidia fundi mwingine atakayefungua gurudumu hilo.